Ruta inayojizima na kuwaka yenyewe: adapta, joto au tundu lililolegea?

*Swali: Ruta yangu ya nyumbani inazima na kuwaka yenyewe wakati wowote, ila jioni tukiwa wengi tunaangalia video inazidi. Adapta imeandikwa 12V 1A, nikaichomoa kwenye ruta nikaipima, mita ikasoma 12.2. Kwa hiyo adapta ni nzima? Au ni joto, au ruta yenyewe ndiyo imeharibika?*

Kipimo hicho cha 12.2 hakijaisafisha adapta. Umeipima ikiwa haina kazi yoyote, na adapta iliyochoka huonekana nzima kabisa inapokuwa haibebi mzigo. Kwa dalili ulizoeleza, yaani hali kuwa mbaya watu wanapokuwa wengi, ningeanza kuishuku adapta hiyohiyo, kisha pini na tundu lake, halafu joto. Bodi ya ruta iwe ya mwisho.

Kabla ya kushika mita, hakikisha kwanza kwamba ruta inazima kweli. Watu wengi husema ruta imejizima kumbe ni laini ya intaneti iliyokatika kwa dakika moja. Ruta ikijizima, taa zote hufa kwa pamoja, kisha huanza kuwaka moja baada ya nyingine kama siku uliyoichomeka mara ya kwanza, na jina la waifai hupotea kwenye simu kwa dakika moja hadi tatu. Laini ikikatika, taa ya umeme na ya waifai hubaki zinawaka, simu hubaki imeunganishwa, ila hakuna kinachofunguka. Kama hukuwepo wakati wa tukio, ingia kwenye ukurasa wa ruta na utafute mstari ulioandikwa `Uptime` au `System Up Time`. Huo ni muda ambao ruta imekuwa macho tangu iwake mara ya mwisho. Ukisoma dakika 40 na wewe hujaizima tangu jana, basi ilijizima. Ukisoma siku 9, acha habari ya adapta na umtafute anayekuuzia intaneti, kwa sababu tatizo liko kwenye laini. Waya wa simu, wa faiba au wa mtandao uliolegea hukata intaneti lakini hauizimi ruta. Waya pekee ambao ukilegea unaizima ni ule wa umeme.

Hapohapo kwenye ukurasa wa ruta angalia kama kuna ratiba ya kujiwasha upya, mara nyingi imeandikwa `Reboot Schedule`. Baadhi ya ruta huja nayo ikiwa imewashwa. Ikiwa ruta yako huzima saa ileile kila siku, huenda huo ndio mwisho wa uchunguzi.

Kwa nini adapta hudanganya

Ndani ya adapta kuna kapasita, vile vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme na kuutoa sawasawa. Zina maji maalumu ndani, na joto la adapta huyakausha polepole. Kanuni inayotumiwa na mafundi ni kwamba kila joto la kapasita likipanda nyuzi 10 za selsiasi, maisha yake hupungua kwa nusu. Ndiyo maana adapta iliyobanwa nyuma ya kabati hufa mapema kuliko iliyo kwenye soketi ya wazi, hata kama zimenunuliwa siku moja.

Kapasita ikikauka, adapta bado inaweza kutoa volti 12 mradi haiombwi mkondo mwingi. Ikiombwa, volti zinaporomoka. Ruta nayo haili umeme kwa kiwango kimoja siku nzima. Ruta ya kawaida ya volti 12 ikiwa imetulia hula kama wati 5, yaani takriban ampia 0.4. Waifai ikirusha data kwa simu na televisheni kadhaa kwa wakati mmoja, inaweza kufika wati 9, ambazo ni ampia 0.75. Hapo ndipo jioni yako inapoingia.

Kuna jambo moja linaloifanya hali hiyo iwe mbaya zaidi. Ruta hubadili volti 12 kuwa volti ndogo zinazohitajika na vichipu vyake, na kibadilishaji hicho hutaka wati zilezile hata volti zikishuka. Wati 9 kwa volti 12 ni ampia 0.75, lakini kwa volti 10 ni ampia 0.9. Kwa hiyo adapta ikishindwa na volti zikashuka, ruta huivuta kwa nguvu zaidi, nayo huzidi kushuka. Zikifika kiwango ambacho vichipu haviwezi kuvumilia, hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, ruta hukatika. Mzigo unaondoka, adapta inapumua, volti zinarudi 12, na ruta inawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukija na mita dakika mbili baadaye unakuta kila kitu ni shwari.

Dalili nyingine ya kapasita zilizochoka ni ruta kujizima pale friji au pampu ya maji inapoanza, wakati taa za nyumba zinafifia tu kidogo. Adapta nzima huwa na akiba ya kuvuka mtikisiko mfupi kama huo. Iliyokauka haina.

Kuipima ikiwa kazini

Njia rahisi kuliko zote ni kuazima adapta nyingine inayofaa na kuitumia siku mbili tatu. Ruta ikitulia, umepata jibu bila mita. Lakini adapta ya kuazima lazima ifanane kwa mambo manne, na hapa ndipo ruta nyingi nzima huunguzwa. Volti ziwe zilezile zilizoandikwa kwenye ruta. Ruta ya volti 9 au 5 usiipe 12. Ampia ziwe sawa au zaidi. Adapta ya ampia 2 haitaidhuru ruta ya ampia 1, kwa sababu ruta huchukua inachohitaji tu. Umeme unaotoka uwe wa DC, kwani zipo adapta za zamani zenye pini ileile zinazotoa AC. Na alama ya chanya na hasi, kile kimchoro cha duara dogo katikati na mstari huku na huku, ifanane kwenye ruta na kwenye adapta. Mara nyingi chanya huwa katikati, lakini hilo halikuzuii kuangalia.

Ukitaka kupima, nunua jozi ya viunganishi vya skrubu, dume na jike, vile wanavyotumia mafundi wa kamera za CCTV. Pini ya adapta inaingia kwenye jike, dume linaingia kwenye ruta, na kati yao unaunganisha vipande viwili vifupi vya waya, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Sasa una skrubu mbili zilizo wazi ambazo unaweza kuzigusa kwa mita wakati ruta inafanya kazi. Weka mita kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Kabla ya kuchomeka ruta, gusa skrubu uone kama chanya iko upande unaotakiwa, na usiache ncha za mita zigusane.

Soma kwanza ruta ikiwa imetulia. Kisha iweke kazini: washa video kwenye vifaa vitatu au vinne, au nakili faili kubwa kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kupitia waifai, na uendelee kusoma kwa dakika 10 hadi 15. Adapta ya volti 12 iliyo nzima hukaa kati ya 11.4 na 12.6 muda wote. Ikikaa kati ya 11 na 11.4 ina walakini, na huenda waya wake ndio unaokula volti hizo. Ikishuka chini ya 11 na kuendelea kuteremka, usitafute sababu nyingine, badilisha.

Tuchukue mfano wa adapta kama yako, iliyoandikwa 12V 1A. Bila mzigo inasoma 12.2. Ruta ikiwa imetulia, kwenye ampia 0.4, inasoma 11.6. Hadi hapo hakuna wa kuishuku. Video zikiwashwa inasoma 10.7, baada ya dakika 10 ni 10.3 na namba ya mwisho haitulii, inacheza juu na chini. Kushuka huku kwa kadiri muda unavyokwenda ndiko kunakoonyesha kwamba kilichochoka kiko ndani ya adapta. Waya mbovu hauzidi kuwa mbovu kwa dakika 10 ukiwa umetulia. Ama unakula volti kiasi kilekile, au unaruka ghafla ukiguswa. Ruta katika mfano huu inaweza kuendelea kuwaka ikiwa kwenye 10.3, na usomaji huo usikufanye uamini kwamba inavumilia. Mita hukuonyesha wastani wa mara mbili au tatu kwa sekunde, wakati kinachoizima ruta ni mdondoko mfupi kuliko huo. Kama mita yako ina kitufe cha `MIN MAX`, kiwashe na uiache, kisha usome namba ya chini kabisa baada ya ruta kujizima.

Wengine watakushauri uweke mita kwenye AC ili uone mawimbi yaliyobaki kwenye umeme wa adapta. Kwa mita ya bei ndogo, usijisumbue. Mawimbi ya adapta za kisasa ni ya kasi ambayo mita hizo haziyaoni, na baadhi ya mita ukizipa DC kwenye kipimo cha AC hutoa namba isiyo na maana, kubwa ukiweka ncha hivi na sifuri ukizigeuza.

Kama huna viunganishi hivyo, au ruta haikupi mzigo wa kutosha, tumia rezista ya ohm 15 yenye uwezo wa wati 25. Kwa volti 12 itavuta ampia 0.8, karibu na kiwango cha juu cha ruta. Itakuwa ya moto sana, kwa hiyo ilaze juu ya kigae au chuma na usiishike. Usitumie balbu ya gari kwa kazi hii. Balbu ikiwa baridi huvuta mkondo mara nyingi zaidi ya ule ulioandikwa, na adapta nzima inaweza kujikinga kwa kukatakata umeme, ukadhani ni mbovu.

Wakati wa kupima, ondoa flashi au diski iliyochomekwa kwenye ruta. Mlango wa USB wa kawaida hutoa hadi ampia 0.5 kwa volti 5, yaani wati 2.5, na zote zinatoka kwenye adapta ileile. Ruta inayojizima ikiwa na diski na kutulia bila diski huenda haina ubovu wowote, ila imepewa adapta ndogo. Vivyo hivyo, kama umeweka betri ya akiba kati ya adapta na ruta, itoe kabisa kwenye mstari. Betri hizo ndogo zikichoka hushusha volti kwa namna ileile, na lawama huangukia adapta.

Usifungue adapta kuibadilishia kapasita. Kwenye umeme wa volti 230, kapasita ya upande wa ukutani hubeba takriban volti 325, na inaweza kubaki nazo hata baada ya kuchomolewa. Gamba lake limegandishwa kwa gundi, na ukishalipasua halirudi kuwa salama. Adapta ni kitu cha kubadilisha.

Pini, waya na tundu

Ruta ikiwa kazini na mita ikiwa kwenye skrubu, shika waya wa adapta na uupinde polepole, kwanza karibu na adapta, halafu karibu na pini. Sehemu hizo mbili ndizo zinazokunjwa kila siku, na nyuzi za shaba hukatika ndani huku ngozi ya nje ikiwa nzima. Namba ikiruka kutoka 11.8 hadi 9 na kurudi, waya umekatika hapo. Kisha uache waya na utikise kidogo upande wa ruta. Ukiona volti kwenye skrubu zimetulia lakini ruta imezima, tatizo liko mbele ya skrubu, kwenye tundu la ruta. Kumbuka kwamba kwa kipimo hiki dume la kiunganishi ndilo lililo kwenye tundu, si pini ya adapta. Kwa hiyo rudia kutikisa kwa adapta ikiwa imeingia moja kwa moja, uone kama pini yake imelegea.

Pini kulegea kuna sababu moja ambayo hupita bila kuonekana. Pini za mviringo zenye kipenyo cha nje cha milimita 5.5 ziko za aina mbili: zenye tundu la ndani la milimita 2.1 na zenye milimita 2.5. Kwa macho zinafanana. Pini ya 2.5 huingia vizuri kwenye ruta yenye msumari wa katikati wa 2.1, ila inacheza. Msumari unagusa upande mmoja tu, na mtikisiko wa mlango unatosha kuikatisha. Ikiwa tatizo lilianza baada ya kubadilisha adapta, anza hapa. Kinyume chake hakiwezekani, kwani pini ya 2.1 haiingii kwenye msumari wa 2.5.

Mguso mbaya pia hutoa joto. Ohm 0.5 tu kwenye mguso, kwa ampia 0.8, hula volti 0.4 na kutoa wati 0.32 mahali padogo sana. Baada ya saa moja ya matumizi, gusa pini kwa kidole pale inapoingia. Ikiwa ni ya moto kuliko ruta yenyewe, au plastiki yake imebadilika rangi, mguso umekufa. Kusugua weusi kwenye pini husaidia kwa muda tu, kwa sababu kilicholegea ni springi ya ndani. Dawa ni adapta mpya, au tundu jipya ikiwa springi iliyochoka ni ya upande wa ruta.

Kama tundu lenyewe linacheza kwenye ruta, mara nyingi lehemu ya miguu yake imepasuka kwenye bodi. Ruta ikiwa ni mali ya mtoa huduma au bado ina dhamana, ishie hapo na uirudishe. Ikiwa ni yako, chomoa umeme, tafuta skrubu (nyingi hujificha chini ya vibandiko au miguu ya mpira), fungua na uitazame miguu ya tundu kwa mwanga wa pembeni. Lehemu iliyopasuka huonyesha duara jembamba jeusi kuzunguka mguu. Weka fluksi, yeyusha kwa pasi ya kulehemia na uongeze lehemu mpya hadi ing'ae na kukaa sawasawa kuzunguka mguu. Ukiwa umeshafungua, angalia kapasita zilizo karibu na tundu. Yenye kichwa kilichovimba ibadilishwe kwa yenye uwezo uleule, volti sawa au zaidi, na iliyoandikwa 105°C.

Usisahau upande wa ukutani. Soketi au ekstensheni iliyolegea huleta dalili hizihizi. Ihamishie adapta kwenye soketi nyingine ya ukutani, bila ekstensheni, kwa siku moja.

Joto

Joto lina tabia yake na halihitaji mita. Ruta iliyozidiwa na joto huzima baada ya muda unaokaribiana tangu iwake, huzima zaidi mchana wa jua kali, na ikiwaka upya bila kupoa hukaa muda mfupi kuliko mwanzo. Ukiizima nusu saa ipoe, hukaa muda mrefu tena. Ya volti haifuati saa wala jua, hufuata mzigo. Kwa kuwa yako inasumbua zaidi jioni, wakati ambapo kwa kawaida hewa imeanza kupoa, ndiyo maana joto nimeliweka nyuma ya adapta na pini.

Ruta nyingi za nyumbani zimetengenezwa kwa hewa isiyozidi nyuzi 40, na hiyo ni hewa inayoizunguka, si ya chumba. Juu ya king'amuzi kinachowaka, au ndani ya kabati lililofungwa, nyuzi hizo hupita haraka. Jaribio ni kuielekezea feni kutoka hatua moja au mbili kwa siku nzima yenye matumizi ya kawaida, bila kubadilisha kingine chochote. Ikitulia, itoe ilipo, isimamishe au iache nafasi ya kiganja kila upande, na upulize vumbi kwenye matundu yake ikiwa imezimwa. Feni iiguse ruta peke yake, adapta iwe mbali na upepo huo. Ukizipoza zote mbili hutajua ipi ilikuwa inalalamika, kwa sababu adapta iliyochoka nayo hupata nafuu ikipoa.

Volti zikibaki juu ya 11.4 kwenye mzigo, pini isipocheza, feni isipobadilisha kitu na `Uptime` bado inarudi sifuri, hapo ndipo uende kwenye programu ya ruta: sasisha toleo lake, irudishe kwenye mipangilio ya kiwandani na uingize mipangilio upya kwa mkono badala ya kurudisha faili la akiba, kwa maana faili hilo linaweza kurudi na kosa lilelile. Ikijizima hata baada ya hapo, bodi ndiyo iliyokufa, na ruta nyingine ndiyo jibu.